Mianzo minne ya muhtasari wa mchanganuo wa biashara: upi unafikisha kiini kwenye aya ya kwanza?

Tuchukue kinu kidogo cha kukamua alizeti mkoani Singida. Mashine yake hukamua tani moja ya mbegu kwa siku. Mafuta yanachujwa na kujazwa kwenye madumu ya lita 20, na mashudu yanachukuliwa na wafugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa. Mavuno yakianza, kuanzia Mei, mbegu ni tele na bei iko chini. Ikifika Oktoba, mbegu zimekwisha mikononi mwa wakulima, zilizobaki ziko kwenye maghala ya walanguzi kwa bei ya juu, na kinu kinafungwa. Mwenye kinu anataka mkopo wa shilingi milioni 50 ili anunue tani 50 za mbegu wakati wa mavuno, azihifadhi, kisha akamue kuanzia Desemba hadi Machi, wakati vinu vingine vidogo vimefungwa. Namba hizi nimezipanga kwa ajili ya mfano ili hesabu ifuatike. Wewe utaweka bei za msimu wako na za eneo lako.

Mchanganuo wake una kurasa 25. Mtu wa kwanza kuupokea ni afisa mikopo wa tawi, ambaye mezani ana maombi mengine. Atasoma aya ya kwanza ya muhtasari, ataruka hadi jedwali la mapato na matumizi, kisha atarudi kutazama dhamana. Kama aya ile ya kwanza haikumwambia biashara ni ipi, atalisoma jedwali bila kujua namba zinatoka wapi. Nimekaa na wenye biashara wengi tukiandika aya hiyo, na nimeona mianzo minne ikijirudia. Nitaiweka yote kwa kinu hikihiki ili tofauti zionekane.

Kwanza tukubaliane kiini ni nini, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya. Kiini cha biashara ni ahadi kwa mnunuzi: nani ananunua, anapata nini, na kwa nini asikipate kwa mwingine kwa ubora au bei hiyohiyo. Waingereza wana jina la ahadi hiyo ambalo Kiswahili tumelifanya pendekezo la thamani, na lilianza kutumika mwaka 1988 katika andiko la ndani la kampuni ya ushauri ya McKinsey, lililoandikwa na Michael Lanning na Edward Michaels. Ombi la fedha ni jambo jingine: ni ahadi kwa anayesoma mchanganuo. Kwa kinu chetu, ahadi kwa mnunuzi ni mafuta ya alizeti yaliyochujwa, yanayopatikana miezi ambayo wengine hawana. Ahadi kwa benki ni kwamba milioni 50 zitarudi na riba mauzo yakifanyika. Aya ya kwanza nzuri inazibeba zote mbili, na ile ya mnunuzi inatangulia, kwa sababu ya benki inasimama juu yake.

Mwanzo wa kwanza: sisi ni nani

"Kampuni yetu ilianzishwa mwaka 2017 na kusajiliwa kisheria. Dira yetu ni kuwa mzalishaji bora wa mafuta ya kula katika Kanda ya Kati. Tuna wafanyakazi sita wenye uzoefu na tunajali ubora, uadilifu na huduma bora kwa wateja."

Huu ndio unaoandikwa zaidi, na sababu yake naielewa. Vielelezo vingi vya mchanganuo vinaanza na jina, usajili, dira na dhima, na mwandishi anavifuata kwa mpangilio huohuo. Lakini chukua jina la kinu ulitoe, uweke la kinu jirani. Kila sentensi inabaki kweli. Aya inayoweza kuhamia kwa mshindani bila kubadilishwa neno haijasema biashara ni ipi.

Mwaka wa kuanzishwa na idadi ya wafanyakazi vina kazi, ila kazi yao ni ya ushahidi. Benki inataka kujua kama mkopaji ameshafanya biashara hii kabla ya kukopa. Basi sentensi "tumekamua misimu saba mfululizo" iwekwe baada ya kiini, ikikisaidia. Mwanzo huu unafaa mahali pamoja tu ninapopajua: pale ambapo anayesoma tayari analiamini jina lako. Kama ni ushirika mkubwa ambao benki imeshaukopesha mara tatu na ukalipa, jina lake peke yake ni hoja. Kwa kinu chetu, sivyo.

Mwanzo wa pili: tatizo

"Tanzania inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje ya nchi, hasa mafuta ya mawese, licha ya kuwa na ardhi na wakulima wa alizeti. Hali hii inamaliza fedha za kigeni na kumkosesha mkulima soko. Mradi wetu unalenga kutatua changamoto hii."

Maneno haya ni ya kweli, na msomaji anakubaliana nayo. Tatizo la aya hii ni ukubwa wake. Upungufu wa mafuta ya kula ni wa nchi nzima, na kinu cha tani moja kwa siku hakiwezi kuuziba. Msomaji makini anaona pengo kati ya tatizo la taifa na tani 50 za mbegu, na pengo hilo linamfanya aanze kuwa na mashaka mapema. Mbaya zaidi, aya imeisha na bado hajui nani ananunua mafuta haya.

Hata hivyo mwanzo huu unaokoleka, na ukiokolewa unakuwa na nguvu. Punguza tatizo mpaka lilingane na mnunuzi wako. Badala ya nchi, andika juu ya muuza jumla wa Dodoma: "Kuanzia Desemba hadi Machi wauza jumla wa Dodoma wanaotaka alizeti iliyochujwa kwa madumu hawaipati, kwa sababu vinu vidogo vya Singida vimeishiwa mbegu, wanalazimika kuwapa wateja wao mafuta ya mawese." Sasa tatizo lina mtu, lina miezi, lina sababu, na suluhisho lake linaonekana kabla hujalitaja: mtu mwenye mbegu mwezi Desemba. Sentensi hiyo moja imebeba nusu ya kiini.

Pale unapoomba ruzuku au kushindania mradi, huu ndio mwanzo ningeuchagua, ukiwa umepunguzwa hivyo. Wanaotoa alama kwenye mashindano huwa na kipengele cha tatizo na cha wanufaika, na hawadai fedha zirudi. Kwa benki bado kuna kitu kinapungua.

Mwanzo wa tatu: ombi

"Tunaomba mkopo wa shilingi milioni 50 kwa miezi tisa kwa ajili ya mtaji wa uendeshaji. Dhamana ni nyumba na kiwanja chenye hati. Mkopo utatumika kununua malighafi."

Maofisa mikopo wengine husema wanaupenda, na wana hoja: wanajua papo hapo kiasi, muda na dhamana, kwa hiyo wanajua kama ombi liko ndani ya mamlaka ya tawi au litapelekwa makao makuu. Kwa mtu anayepanga mafaili mezani, ni msaada wa kweli.

Ila tazama kinachotokea baada ya hapo. Aya imetaja dhamana kabla ya biashara, kwa hiyo maongezi yanaanzia kwenye nyumba. Mazungumzo yakishaanzia kwenye nyumba, swali linakuwa nyumba ina thamani gani ikiuzwa, na mkopo unapimwa kwa thamani hiyo. Niliwahi kumsaidia mwenye kinu kuandika hivi, tukiamini tunamrahisishia msomaji. Kwenye kikao afisa alifungua faili na kuuliza, "Malighafi gani? Mnamuuzia nani?" Majibu yote mawili yalikuwa ukurasa wa tisa. Hakuwa mvivu, sisi ndio tuliomficha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitumia swali la kwanza la msomaji kama kipimo: likijibiwa ndani ya mchanganuo lakini nje ya aya ya kwanza, aya imekosea.

Neno "malighafi" lenyewe lina kasoro hapa. Ni sahihi, lakini linaficha jambo lote lenye thamani: kwamba ni mbegu, kwamba zinanunuliwa wakati zikiwa na bei ya chini, na kwamba faida inatokana na kuzishikilia miezi mitano. Maneno mapana kama malighafi, huduma, bidhaa bora na soko la uhakika ukiyaona kwenye aya ya kwanza, badilisha kila moja kwa jina la kitu chenyewe.

Mwanzo wa nne: kiini chenyewe

"Tunawauzia wauza jumla wa Dodoma mafuta ya alizeti yaliyochujwa, kwa madumu ya lita 20, kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ambayo vinu vidogo vya Singida vimefungwa kwa kukosa mbegu. Tunaweza kwa sababu tutanunua tani 50 za mbegu wakati wa mavuno kwa shilingi 900 kilo na kuzihifadhi kwenye ghala letu. Wanunuzi watatu wameahidi kwa barua kuchukua lita 9,000 kati ya 12,500 tutakazokamua. Tunaomba mkopo wa shilingi milioni 50 mwezi Juni, utakaolipwa kwa mkupuo mwishoni mwa Machi, na deni pamoja na riba vinalipika hata bei ya mafuta ikishuka kutoka shilingi 5,000 hadi 3,800 kwa lita."

Ni sentensi nne. Ya kwanza ni mnunuzi na anachopata. Ya pili inaeleza kwa nini sisi tunaweza na jirani hawezi. Ya tatu ni ushahidi. Ya nne ni ombi, likiwa na tarehe ya kurudi. Jaribu kubandika jina la kinu jirani: haiwezekani, kwa sababu yeye hana mbegu Desemba wala hana barua zile.

Hesabu iliyo nyuma ya sentensi ya mwisho ni rahisi, na ni lazima iwe rahisi kiasi cha afisa kuirudia kwa kikokotoo cha mezani. Tani 50 kwa shilingi 900 ni milioni 45. Magunia, usafiri na kutengeneza ghala milioni 5. Kila kilo 100 za mbegu zinatoa lita 25 za mafuta na kilo 65 za mashudu, kwa hiyo tunapata lita 12,500 na mashudu tani 32 na nusu. Mafuta kwa 5,000 ni shilingi milioni 62.5. Mashudu kwa shilingi 500 kilo ni milioni 16.25. Jumla ni milioni 78.75. Toa milioni 50 za mkopo, milioni 8 za umeme, vibarua na madumu, na riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ambayo kwa miezi tisa ni kama milioni 5.6. Inabaki milioni 15 na kidogo. Bei ya mafuta ikishuka hadi 3,800, mauzo yote yanakuwa milioni 63.75 na gharama zote ni milioni 63.6. Hapo hakuna faida, lakini deni limelipwa.

Hiyo 3,800 ndiyo namba niliyoipigania zaidi iingie aya ya kwanza, na wenye biashara wengi wanaikataa mwanzoni. Wanaona kutaja bei ya chini ni kujiombea mabaya. Lakini mkopeshaji hashiriki faida yako. Ukipata milioni 15 au 40, yeye anapata riba ileile. Anachotaka kujua ni mambo yaharibike kiasi gani kabla fedha zake hazijapotea. Ukimwambia wewe mwenyewe, kwa namba anayoweza kuipima, unakuwa umejibu swali ambalo lingemfanya apunguze kiasi.

Kuna jingine dogo kwenye sentensi hiyo lenye uzito: neno mkupuo. Mikopo mingi ya biashara hupangwa kwa marejesho ya kila mwezi, yanayoanza mwezi unaofuata. Kinu chetu kuanzia Julai hadi Novemba hakina mauzo ya mafuta ya mbegu hizi, kwa hiyo marejesho ya kila mwezi yangemlazimu mwenye kinu auze mbegu mapema, na kiini chote kingekufa kwa ratiba ya mkopo. Usipoandika ratiba yako kwenye aya ya kwanza, ratiba ya kawaida ya benki itakuwa ndiyo yako.

Mwanzo huu una udhaifu. Unahitaji ushahidi, na usipokuwa nao unaonekana kama majigambo kuliko mianzo mingine yote. Sentensi "wanunuzi watatu wameahidi kwa barua" ikitoka, inabaki dhana ya mwenye kinu. Barua hizo nazo hazina uzito sawa. Barua inayosema "tunavutiwa na bidhaa yako" ni adabu. Inayotaja lita, miezi na namna bei itakavyopangwa ndiyo ahadi. Kama huna barua, weka daftari la mauzo la msimu uliopita: uliuza lita ngapi Agosti na Septemba, na wateja wangapi walirudi Desemba wakakosa. Na kama huna hata hilo, rudi kwenye mwanzo wa pili uliopunguzwa, uonyeshe tatizo la mnunuzi kwa uaminifu, kisha uombe kiasi kidogo cha kujaribia.

Kuchagua, na kuchanganya

Kwa benki au taasisi ya mikopo, ningechukua wa nne bila kusita, ombi likiwa sentensi ya mwisho ya aya hiyohiyo. Ukijua afisa wako anataka kiasi na muda mbele, viandike kwenye mstari mmoja juu ya aya, kama kichwa: kiasi, muda, madhumuni, dhamana. Hapo unapata faida ya mwanzo wa tatu bila kuiacha nyumba izungumze kabla ya mafuta.

Kwa mwekezaji anayetaka hisa, sentensi tatu za kwanza zinabaki na ya nne inabadilika. Yeye anashiriki faida, kwa hiyo bei ya chini inayolipa deni haimgusi sana kama swali la nini kitafuata baada ya tani 50: ghala la tani 200, mashine ya pili, wanunuzi wa Arusha. Asipoona njia hiyo ataona biashara nzuri isiyo yake.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina mambo yake. Imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Hapo msomaji lazima kwanza aone kwamba kikundi kinastahili, kwa hiyo nusu ya sentensi ya kwanza itamilikiwa na kikundi: "Sisi ni kikundi cha wanawake kumi kilichosajiliwa, tunawauzia wauza jumla wa Dodoma…" Mengine yanaendelea vilevile. Angalia tu kwamba ile nusu sentensi isivimbe ikawa aya nzima ya historia ya kikundi, maana ndivyo inavyotokea kila mara.

Na pale penye fomu yenye vyumba vya kujaza, chumba cha kwanza kikiuliza jina na usajili, jaza jina na usajili. Kiini kiweke kwenye chumba cha kwanza kinachokubali sentensi kamili, hata kama kimeandikwa "maelezo ya mradi".

Swali la lini uiandike aya hii linaleta ubishi. Ushauri wa kawaida ni kwamba muhtasari uandikwe mwisho, mchanganuo wote ukiwa tayari. Nimejaribu njia zote mbili. Ukiandika mwisho tu, umeshachoka, na unachofanya ni kunyofoa sentensi moja kutoka kila sura: moja ya historia, moja ya soko, moja ya menejimenti. Matokeo yake ni mwanzo wa kwanza. Ukiandika mwanzo tu, namba zitabadilika baadaye na aya itabaki na za zamani. Kwa hiyo naandika sentensi ya kwanza na ya pili siku ya kwanza kabisa, zikiwa dhana, na sura ya soko inakuwa na kazi ya kuzithibitisha. Wanunuzi wa Dodoma wakisema Desemba mafuta wanayo tele, sentensi inakufa mapema kabla sijapoteza wiki tatu kwenye majedwali. Sentensi ya tatu na ya nne naziandika mwisho, nikiwa na barua mkononi na jedwali la fedha limefungwa.

Siku ya kupeleka, chukua kalamu uzungushie kila namba iliyo kwenye aya ya kwanza: 20, 50, 900, 12,500, 9,000, 5,000, 3,800. Kila moja itafute ndani ya mchanganuo, uandike pembeni ukurasa ilipo. Mbegu ikiwa 900 kwenye muhtasari na 950 kwenye jedwali kwa sababu ulisahihisha jedwali wiki iliyopita, tani 50 zimeongezeka gharama kwa shilingi milioni 2.5, na ile 3,800 si kweli tena, ni 4,000. Afisa atakayeigundua tofauti hiyo hatauliza ipi ni sahihi. Atarudi mwanzo wa faili na kukagua namba zote upya.